Kwa Nini Barafu Huelea Juu ya Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali mengi yaliyo hapa hutoka kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Machache ni ya watu wazima waliopasukiwa na chupa ndani ya friza. Nimeanza na yaliyo mepesi, na pale jibu moja linapoegemea jingine nimetaja namba ya swali ili nisirudie maneno yaleyale.

## Ya kuanzia

1. Kwa ufupi kabisa, kwa nini barafu huelea?

Kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Lita moja ya maji ikishakuwa barafu hujaza karibu lita 1.09, ilhali uzito wake haujaongezeka wala kupungua. Uzito ni uleule, nafasi imekuwa kubwa. Kwa hiyo kipande chochote cha barafu ni chepesi kuliko maji yanayoweza kukaa mahali pake, na maji hayo hukisukuma juu.

Kwa namba: mililita moja ya maji baridi ina karibu gramu 1. Mililita moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 ina gramu 0.917. Uzito huu wa kila mililita ndio tunaouita densiti, na hiyo 0.917 itarudi mara nyingi hapa chini.

Kwenye mtihani jibu hilo latosha. Lakini mwanafunzi makini atauliza mara moja: mbona yanatanuka? Hapo nenda swali la 6.

2. Ajabu iko wapi? Mbao nazo huelea.

Mbao huelea, lakini mbao si maji yaliyoganda. Linalotushangaza hapa ni kitu kuelea juu ya kimiminika cha kitu hichohicho. Yeyusha mshumaa kwenye kikopo, kisha tupia ndani kipande cha nta ile ile ambacho hakijayeyuka: kinakwenda chini. Samli ikianza kuganda kwenye chupa, chembe zake hutuama chini na mafuta maangavu hubaki juu. Fundi anayesubu sufuria anajua kwamba alumini iliyoyeyuka husinyaa ikipoa ndani ya kalibu, ndiyo maana humimina zaidi ya anachohitaji. Asipofanya hivyo hupata chombo chenye mashimo.

Hiyo ndiyo desturi ya vitu vingi sana: kikiganda hujikusanya, huwa kizito zaidi kwa kila mililita, na huzama ndani ya kimiminika chake. Maji yamekwenda kinyume, na kwa kuwa barafu ndicho kitu kilichoganda tunachokiona mara nyingi kuliko vyote, tumezoea kudhani kwamba yenyewe ndiyo ya kawaida.

3. Naweza kulihakikisha hili nyumbani bila mizani?

Unaweza, kwa mafuta ya nazi na maji. Mafuta ya nazi huganda kwenye joto la nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam au Mombasa utayakuta majimaji karibu mwaka mzima, lakini Arusha au Nairobi mwezi wa Julai huganda yenyewe kabatini.

Jaza kikombe kimoja maji na kingine mafuta ya nazi, uviweke vyote kwenye friza mpaka vigande kabisa. Vitoe, uviinamie uangalie uso wake. Kwenye maji utaona kinundu katikati, kwa sababu sehemu iliyoganda mwisho ilikosa nafasi ikasukumwa juu. Kwenye mafuta utaona kishimo, kwa sababu sehemu iliyoganda mwisho ilisinyaa ikavuta uso chini. Ukitaka ushahidi zaidi, mega kipande cha mafuta yaliyoganda ukitumbukize kwenye mafuta ya nazi yaliyo majimaji: kitazama palepale.

Mimi huwaambia wanafunzi waanze na kinundu na kishimo. Kipande kinachozama huweza kubishaniwa, mtu akasema kilirushwa kwa nguvu. Kishimo hakina wa kukibishia.

4. Je, si hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayoielesha?

Hapana, ingawa kosa hili linaeleweka. Ule weupe katikati ya barafu ya friji ni vipovu vya hewa kweli. Maji ya bomba yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Barafu haiwezi kuibeba hewa hiyo, hivyo kadiri maji yanavyoganda kutoka pembeni kwenda katikati, hewa husukumwa ndani mpaka inanaswa kwenye sehemu ya mwisho kuganda.

Lakini ile densiti ya 0.917 ni ya barafu safi isiyo na kipovu hata kimoja. Vipovu hupunguza kidogo zaidi, basi. Chagua kipande kiangavu kama kioo, kama vile kipembe cha mche wa barafu, ukiweke kwenye glasi: kitaelea vilevile.

5. Na wanaosema huelea kwa sababu ya umbo lake bapa?

Huu ni ubishi wa zamani. Mwaka 1611 huko Florence, Italia, wafuasi wa Aristotle walishikilia kwamba barafu ni maji yaliyokusanywa na baridi, kwa hiyo ni nzito kuliko maji, na haizami tu kwa sababu mapande yake ni mapana na bapa, hayawezi kuyapasua maji. Galileo alikataa. Alisema barafu ni maji yaliyotanuka, ni nyepesi kuliko maji, na umbo halina neno. Mwaka uliofuata, 1612, alichapisha hoja zake kuhusu vitu vinavyoelea.

Ukitaka kuamua mwenyewe, zamisha bamba la barafu mpaka chini ya ndoo kisha uliachie. Litapanda. Kama maji ni magumu kupasuliwa na kitu bapa, yangelizuia pia lisipande.

## Ndani ya barafu

6. Kwa nini hasa maji hutanuka yakiganda?

Hapa ndipo penye kiini chote, kwa hiyo tuende taratibu.

Molekuli moja ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, zimepindana kama herufi V iliyofunguka. Oksijeni huvuta elektroni upande wake, hivyo upande huo huwa na chaji hasi kidogo, na zile haidrojeni mbili hubaki na chaji chanya kidogo. Matokeo yake ni kwamba haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mvuto huo huitwa kifungo cha haidrojeni.

Kila molekuli inaweza kushikana hivyo na majirani wanne: yenyewe inatoa haidrojeni zake mbili, na oksijeni yake inapokea mbili kutoka kwa wengine. Majirani hao hawakai popote. Fikiria mafiga matatu, juu yake umeweka ngumi yako, kisha mtu akaweka jiwe la nne juu ya ngumi. Ngumi ndiyo molekuli yetu, mawe manne ndiyo majirani: watatu chini, mmoja juu, kila mmoja amejitenga na wenzake kadiri anavyoweza.

Sasa endelea kujenga kwa kanuni hiyohiyo kila upande. Utapata fuwele yenye vyumba vyenye pembe sita, na katikati ya vyumba hivyo hamna kitu. Ni tupu. Linganisha na muuza machungwa sokoni anayepanga fungu lake: chungwa lililo katikati ya fungu lililopangwa vizuri hugusana na mengine 12. Molekuli ya maji ndani ya barafu ina majirani wanne tu. Barafu ni jengo lenye nafasi nyingi, na nafasi hizo ndizo zile asilimia 9 zinazoongezeka.

Ikiyeyuka, baadhi tu ya vifungo hukatika, lakini hiyo inatosha kulilegeza jengo. Vifungo katika maji hukatika na kufungwa upya kwa kasi isiyopimika kwa saa ya kawaida, na kila kinapoachia, molekuli jirani hujipenyeza kwenye nafasi zilizokuwa tupu. Ndiyo maana maji yanachukua nafasi ndogo kuliko barafu iliyoyazaa.

7. Kwa nini nta, samli na alumini hazifanyi hivyo?

Kwa sababu mvuto kati ya chembe zake hauchagui upande. Chembe ya alumini haijali jirani amekaa wapi, bali kila anayekaribia anakaribishwa. Joto likipungua na mtikisiko ukitulia, chembe hujibana pamoja kama machungwa ya swali la 6, na kitu kizima kinasinyaa.

Kifungo cha haidrojeni kina mwelekeo. Kinashika vizuri pale tu haidrojeni inapoielekea oksijeni ya jirani karibu katika mstari ulionyooka. Maji yakiganda, molekuli huacha kubanana ili kila moja ipate vifungo vyake vinne vilivyonyooka, na gharama ya kunyoosha vifungo hivyo ni nafasi.

8. Nimesoma kwamba ni kwa sababu maji huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4. Ndivyo?

Hayo ni mambo mawili yanayochanganywa hata na baadhi ya vitabu. Ni kweli kwamba maji yakipoa husinyaa mpaka yafike karibu nyuzi 4, kisha yakiendelea kupoa kuelekea 0 huanza kutanuka, kabla hayajaganda. Chanzo ni kilekile: vifungo vilivyonyooka vinaanza kuongezeka hata ndani ya maji.

Lakini angalia ukubwa wake. Kati ya nyuzi 4 na 0 densiti hushuka kwa karibu asilimia 0.013 tu. Wakati wa kuganda hushuka kwa zaidi ya asilimia 8. Tofauti hizo zimeachana kwa mara mia sita na zaidi. Barafu ingeelea hata kama maji yasingekuwa na kituko cha nyuzi 4. Kituko hicho kina kazi nyingine, nayo iko swali la 12.

## Glasi, chupa na friza

9. Glasi imejaa mpaka ukingoni na barafu imejitokeza juu. Ikiyeyuka, maji yatamwagika?

Hayatamwagika. Tufanye hesabu kwa kipande cha gramu 20.

Ujazo wake ni 20 ukigawa kwa 0.917, yaani mililita 21.8. Kitu kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Kipande chetu kinasukuma gramu 20 za maji, ambazo ni mililita 20. Basi mililita 20 za barafu ziko ndani ya maji na 1.8 ziko nje. Kikishayeyuka kinakuwa gramu 20 za maji, na maji hayo yanajaza mililita 20, yaani lile shimo ambalo barafu ilikuwa imelichimba. Hakuna la ziada.

Jaribio likikukatalia, mara nyingi kosa ni moja kati ya mawili. Ama barafu ilikuwa imekaa chini, imejazana mpaka haielei, ama matone yaliyo nje ya glasi yamekudanganya. Hayo si maji yaliyomwagika, ni unyevu wa hewani uliogandamia kwenye glasi baridi.

Kwa maji ya bahari jibu linabadilika kidogo. Mililita moja ya maji ya bahari ina gramu 1.025, kwa hiyo kipande chetu kinasukuma kando mililita 19.5 tu, kisha kinayeyuka na kuleta 20 za maji yasiyo na chumvi. Uso unapanda, kidogo sana. Sharubati yenye sukari nyingi hufanya vilevile.

10. Kwa nini chupa hupasuka kwenye friza, hata nikiacha nafasi juu?

Sababu ya kwanza unaijua sasa: chupa ya lita moja iliyojaa pomoni inahitaji karibu mililita 90 za ziada, na kioo hakinyooki. Sababu ya pili huwashinda wengi. Maji kwenye chupa mara nyingi huganda kuanzia juu na pembeni. Ganda la juu hushikamana na shingo likawa kama kizibo, na maji yaliyobaki chini yakianza kuganda hayana pa kwenda, ingawa juu ya kizibo kuna nafasi. Yanasukuma kando, na chupa hupasuka begani au chini.

Kwa hiyo usijaze shingo kabisa. Acha maji chini ya bega la chupa, pale inapoanza kubana. Chombo kilichonyooka, kisicho na shingo, kinahitaji kuachiwa kama sehemu moja ya kumi, na barafu itapanda yenyewe. Vile vifuko vya nailoni ambavyo akina mama hugandishia barafu za kuuza havina taabu hii, maana nailoni hujitanua.

Mafuta ya nazi unaweza kuyajaza mpaka kwenye mfuniko. Hayatapasua kitu (swali la 3).

11. Barafu itaelea kwenye kimiminika chochote?

La. Inategemea densiti ya hicho kimiminika, na hapa namba 0.917 inatoa hukumu. Kwenye mafuta ya taa, yenye gramu 0.8 hivi kwa mililita, barafu inazama kama jiwe. Kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, ile ya asilimia 70, inazama pia, ila polepole zaidi.

Mafuta ya kula ya alizeti ndiyo ninayoyapenda, kwa sababu densiti yake iko karibu na 0.92, sawasawa na barafu. Kipande hubaki kinaning'inia, hakijui kiende juu au chini. Kadiri kinavyoyeyuka, matone ya maji yanajitenga nacho na kushuka chini, moja baada ya jingine. Kwa hiyo unaona vyote vitatu pamoja: barafu inaelea kwenye mafuta, maji yaleyale yanazama humohumo. Fanya hivyo kwa mafuta baridi tu. Barafu kwenye mafuta ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta usoni.

## Ziwani na baharini

12. Ziwa linapoganda, kwa nini barafu huanzia juu na samaki hawafi?

Chukua Ziwa Baikal la Urusi, ambalo kila mwaka huganda kuanzia Januari hivi hadi Mei, barafu yake ikawa nene kiasi cha kubeba magari. Vuli inapoingia, maji ya juu hupoa, yanakuwa mazito, yanashuka, na ya chini yanapanda kupoa kwa zamu yake. Mzunguko huu unaendelea mpaka maji ya juu yakaribie nyuzi 4. Kuanzia hapo, maji yanayozidi kupoa yanakuwa mepesi na hubaki juu. Mzunguko unasimama. Tabaka la juu peke yake ndilo linaloshuka mpaka 0 na kuganda.

Hiyo ndiyo kazi ya nyuzi 4: inaamua maji yapi yatangulie kuganda. Kuelea kwa barafu ni hatua inayofuata. Barafu hubaki juu kama blanketi, na kwa kuwa hupitisha joto polepole, kadiri inavyonenepa ndivyo inavyokawia kunenepa zaidi. Chini yake maji yanabaki majimaji, na samaki wanaendelea na maisha yao.

Kwetu hili huonekana kwenye vidimbwi vya juu kabisa vya Mlima Kenya. Asubuhi utakuta utando wa barafu juu na maji chini yake.

13. Bahari nayo hufuata nyuzi 4?

Haifuati, na hapa vitabu vingi vya shule hujumlisha vibaya. Chumvi hukishusha kile kiwango cha nyuzi 4, na kwa maji ya bahari ya kawaida, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo, kituko hicho kinatoweka kabisa: maji huendelea kuwa mazito mpaka yanapoganda, karibu nyuzi 1.9 chini ya 0.

Hata hivyo barafu ya bahari huelea, kwa sababu ileile ya swali la 6. Vyumba vya fuwele havina mahali pa chumvi, kwa hiyo chumvi hutemwa nje. Sehemu yake hunaswa kwenye vifuko vidogo vya maji makali ya chumvi, sehemu kubwa huvuja chini baharini. Kuelea hakuhitaji nyuzi 4. Barafu ya bahari ndiyo ushahidi wa nilichosema katika swali la 8.

14. Sehemu gani ya mlima wa barafu iko chini ya maji?

Gawa 0.917 kwa 1.025. Utapata karibu 0.895, yaani kama sehemu tisa kati ya kumi. Hiyo ni hesabu ya ujazo, si ya kimo: mlima wenye ncha ndefu nyembamba unaweza kusimama juu sana hali tisa ya kumi ya mwili wake imefichwa chini. Barafu ya milima hiyo ni theluji iliyoshindiliwa nchi kavu kwa karne nyingi, ina vipovu, hivyo kwa kweli hujitokeza kidogo zaidi ya hesabu.

15. Barafu ingekuwa inazama, bahari zote zingeganda?

Maelezo haya hukuzwa mno. Kwenye maziwa ya nchi za baridi kali, ndiyo, barafu ingeshuka, uso ungebaki wazi kupoteza joto zaidi, barafu mpya ingeundwa nayo ikashuka, na ziwa lisilo na kina lingeweza kujaa kuanzia chini. Jua la kiangazi lingepata shida kuifikia. Lakini Ziwa Tanganyika halina hata siku moja ya baridi ya kuanzisha barafu, na maji yake ya chini kabisa ni ya nyuzi 23 hivi. Lenyewe lisingejua kwamba kuna kilichobadilika.

## Ya pembeni

16. Ni maji peke yake yenye tabia hii?

Wenzake ni wachache lakini wapo: silikoni, jemani, bismuthi na gali. Silikoni ina undugu wa karibu, kwa kuwa kila atomu yake hushikana na nne nyingine kwa mpangilio uleule wa mafiga. Gali ni metali inayoyeyuka karibu nyuzi 30, hata kiganja kinatosha, na ikiganda hutanuka. Ndiyo maana haifai kuifungia ndani ya chupa ya kioo.

17. Kuna barafu inayozama kwenye maji?

Ipo, ya aina mbili. Ya kwanza ni barafu ya maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni ile yenye nyutroni moja ya ziada. Densiti yake ni karibu 1.02, hivyo itazama kwenye glasi ya maji ya kawaida. Lakini itumbukize kwenye maji mazito yaliyo majimaji, yenye 1.1, nayo itaelea. Jengo ni lilelile, matofali tu ndiyo mazito.

Ya pili ni barafu ya mgandamizo. Ukiyabana maji kwa zaidi ya mara elfu mbili ya mgandamizo wa hewa, vile vyumba vya pembe sita vinashindwa kusimama na molekuli hujipanga kwa namna nyingine zilizobanana. Barafu hizo ni nzito kuliko maji. Hata kwenye mtaro wenye kina kikubwa kuliko yote baharini mgandamizo haufiki hapo, ni kama mara 1,100 tu. Ila mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba wameikuta aina mojawapo imenaswa ndani ya almasi zilizotoka chini sana ya ardhi.

18. Hili ndilo lile jambo la Mpemba?

Silo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliona mchanganyiko wake wa aisikrimu uliowekwa wa moto ukiganda kabla ya wa wenzake uliokuwa umepoa. Mwaka 1969 yeye na Profesa Denis Osborne wa Dar es Salaam walichapisha makala juu yake. Swali lao ni nani anawahi kuganda, na wataalamu bado wanalibishania. Letu ni nini hutokea kwa ujazo baada ya kuganda, na hilo halina ubishi.

19. Juu Mlima Kenya nimeona udongo umeinuliwa na sindano za barafu asubuhi. Ni ule utanukaji wa asilimia 9?

Wengi hujibu ndiyo, na nilikuwa mmoja wao. Lakini piga hesabu. Sindano hizo huwa na urefu wa sentimita kadhaa. Ili udongo uinuke sentimita 3 kwa kutanuka peke yake, ingebidi maji yenye kina cha zaidi ya sentimita 30 yagande usiku mmoja, ilhali ukichimba asubuhi unakuta baridi imeshika juu juu tu.

Kinachotokea ni kwamba barafu inayoundwa karibu na uso huvuta maji kutoka chini kupitia vijitundu vya udongo, kama utambi unavyovuta mafuta, na sindano hurefuka kwa kuongezewa maji mapya chini yake. Mmarekani Stephen Taber alilionyesha hili kufikia mwaka 1930 kwa njia ya kijanja: badala ya maji alitia udongoni benzini, kimiminika ambacho husinyaa kikiganda. Udongo uliinuka vilevile.